Koki zote zimefungwa, mita bado inazunguka: maji yanakwenda wapi?

Kila mwisho wa mwezi, bili za maji zinapoingia kwenye simu, kipindi chetu cha asubuhi hupokea malalamiko yaleyale. Msikilizaji wa Kahama anasema amebambikiwa. Wa Geita mjini anasema wapangaji wenzake wanafua sana na yeye ndiye anayelipia. Wa Tinde anasema msoma mita hakufika kabisa. Lakini yapo malalamiko mengine ya aina yake: "Nimefunga koki zote, nimekwenda kuangalia mita, bado inazunguka. Hayo maji anakunywa nani?"

Suala la bili ni zito nchini. Waziri wa Maji, Jumaa Aweso, tangu aliposhika wizara hiyo Desemba 2020 amekemea mara nyingi mamlaka za maji kubambikiza wananchi bili. Kwa hiyo mtu akiona bili imeruka, neno la kwanza mdomoni ni "wameniibia". Wakati mwingine ni kweli. Ila mita inayozunguka huku koki zimefungwa ni jambo jingine, na lina jibu ambalo unaweza kulipata mwenyewe ukiwa na simu yenye tochi, kalamu na usiku mmoja wa subira.

Tunalisema hili kwa sababu lilitukuta sisi wenyewe hapa kituoni, na nusura tumwonee mtu asiye na hatia.

Bili iliyoruka mara mbili

Kituo chetu kiko kwenye nyumba ya kawaida yenye uzio. Kwa miezi mingi bili yetu ya maji ilikuwa uniti 15, ikizidi sana 16. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Mwezi mmoja wa kiangazi ilikuja bili ya uniti 21. Tukanung'unika, tukalipa. Mwezi uliofuata ikaja 28.

Hapo maneno yakaanza. Getini kuna koki ya nje, na kando yake kuna chumba cha mlinzi wetu, mzee anayeishi pale na familia yake. Bodaboda huegesha karibu na geti. Mmoja wetu akasema huenda mzee anawauzia maji usiku. Mwingine akasema amewahi kuona madumu pale. Ndani ya siku mbili tulikuwa tumeshaanza kuzungumzia kumkata mshahara. Hakuna aliyekuwa amekwenda kuiangalia mita.

Aliyetuzuia ni fundi bomba aliyekuja kurekebisha koki ya jikoni. Alituuliza swali moja: "Usiku mmekwisha kuisoma?"

Mita inasema nini

Ukifunua kifuniko cha mita utaona tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ndizo uniti, na hizo ndizo zinazoandikwa kwenye bili. Nyekundu ni sehemu ya uniti ambayo haijatimia. Zikiwa tatu, zisome kama lita. Kwa mfano nyeusi 01482 na nyekundu 316 maana yake ni uniti 1,482 na lita 316. Mita nyingine hazina tarakimu nyekundu mfululizo, bali vijisaa vidogo vyenye mishale myekundu. Hapo soma kijisaa cha mamia ya lita, kisha cha makumi, kisha cha lita mojamoja.

Katikati au pembeni kuna kigurudumu kidogo, mara nyingi chenye umbo la nyota au pembetatu. Hicho huzunguka hata maji yakipita kidogo sana. Ukifunga kila koki na kinyota bado kinazunguka, kuna maji yanayopita kwenye mita. Hakikuambii yanapita kiasi gani wala yanakwenda wapi. Kwa hayo unahitaji kusoma namba mara mbili, ukiacha muda katikati.

Muda huo ndio siri ya kazi yote. Usomaji mmoja ni namba tu. Usomaji wa pili, wenye saa iliyoandikwa kando yake, unakupa mwendo: lita ngapi kwa saa ngapi. Na mwendo una tabia. Anayechota maji huchota kwa vishindo: dumu linajaa kwa dakika mbili tatu, halafu mita inatulia hadi dumu lingine. Bomba lililopasuka halipumzishi mkono. Linatoa kiasi kilekile saa 4 usiku, saa 8 usiku na saa 11 alfajiri.

Usiku wa kwanza tulikosea

Jumatatu saa 3 usiku tulifunga koki zote, ndani na nje. Tukapiga picha mita kwa simu, ili saa ibaki kwenye picha na asiwepo wa kubishana baadaye. Ilisoma 01479 na nyekundu 805. Saa 11 alfajiri ilisoma 01480 na nyekundu 415. Kwa saa 8 zilikuwa zimepita lita 610. Aliyekuwa akimshuku mzee akasema, "Si mnaona? Madumu thelathini!"

Fundi alipoziona namba hizo alicheka. Akauliza, "Tangi mlilifunga?"

Hatukulifunga. Kama nyumba nyingi za mjini, tuna tangi la lita 1,000 juu ya mnara, na ndani yake kuna boya. Maji yakipungua boya linashuka na kufungua njia, yakijaa linapanda na kufunga. Mchana presha ni ndogo kwa sababu mji mzima unatumia maji, hivyo tangi letu halijai. Usiku watu wakilala presha inapanda na tangi linajaza pengo la siku nzima. Sehemu kubwa ya zile lita 610 haikupotea popote. Ilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Hili ndilo kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya. Kama una tangi, funga valvu ya bomba linalopanda kwenye tangi kabla ya kuanza kusoma. Kama halina valvu, subiri hadi lijae kabisa na boya lifunge. Kisha panda au mpandishe kijana achungulie: je, maji yanaendelea kudondoka kwenye boya, au kumwagika kwenye bomba la ziada? Boya bovu linaweza kumwaga maji usiku kucha ukutani au kwenye paa la nyuma, na asubuhi pamekwisha kauka.

Kosa la pili linahusu mgao. Maji yakiwa yamekatika, mita haiwezi kukuonyesha uvujaji, maana hakuna cha kuvuja. Na yakirudi, hewa iliyojaa kwenye mabomba husukumwa mbele na inaweza kuzungusha mita kwa kasi kwa muda. Ukisoma wakati huo utapata namba ya uongo. Fungua koki moja, acha iteme hewa hadi maji yatoke bila kukohoa, funga, ndipo uanze kuhesabu.

Usiku wa pili: namba zikasema

Jumatano saa 3 usiku tulirudia, safari hii valvu ya tangi ikiwa imefungwa. Mita ilisoma 01482 na nyekundu 316. Kinyota kilikuwa kinazunguka taratibu bila kusita.

Saa ya kwanza tulikaa palepale na tochi, tukasoma kila baada ya dakika 10. Tulipata lita 3, 3, 4, 3, 3, na 4. Jumla lita 20. Mzee mlinzi alikuwa amesimama pamoja nasi muda wote, akiangalia tunachoandika. Hakuna dumu lililojazwa. Hakuna bodaboda aliyekuja. Na maji yalikuwa yanakwenda.

Saa 11 alfajiri mita ilisoma 01482 na nyekundu 476. Toa 316 kwenye 476, unapata lita 160 kwa saa 8. Ni zilezile lita 20 kwa saa.

Jumapili alasiri, ofisi ikiwa tupu, tulifunga tena kila kitu kwa saa moja. Zilipita lita 17. Fundi akasema ndivyo inavyotakiwa kuwa: tundu ni lilelile, ila mchana presha ni ndogo, hivyo linatoa kidogo zaidi. Kama ungekuwa wizi, kusingekuwa na sababu ya usiku na mchana kukaribiana hivyo.

Sasa tukaweka hesabu mezani. Tuchukulie wastani wa lita 18 kwa saa. Zidisha kwa saa 24, unapata lita 432 kwa siku. Zidisha kwa siku 30, unapata lita 12,960, yaani karibu uniti 13. Ongeza matumizi yetu ya kawaida ya uniti 15, unapata 28. Hiyo ndiyo bili iliyotujia. Na bili ya 21 ya mwezi wa kabla yake ilieleweka pia: uvujaji ulikuwa umeanza katikati ya mwezi.

Hii ndiyo faida ya kusoma kwa muda. Bili haikuwa ya kubambikiza, na mzee hakuwa mwizi. Siku hiyo tulimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Alituambia neno moja tu: "Mngeanza na mita, wanangu."

Kukata bomba vipandevipande

Kujua kwamba kunavuja ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua wapi, bila kufukua ua mzima. Njia ni ileile ya kusoma mita, ila safari hii unafunga kipande kimoja cha bomba baada ya kingine na kuangalia kinyota kitasimama lini.

Kwetu, bomba linatoka kwenye mita, linapita chini ya ua, kisha linagawanyika. Tawi moja linakwenda kwenye tangi, na tangi ndilo linalolisha vyoo na jiko. Tawi la pili linakwenda kwenye koki ya getini. Usiku wa pili valvu ya tangi ilikuwa imefungwa na mita bado ikazunguka. Kwa hiyo vyoo na jiko havikuwa na hatia katika zile lita 20, kwa sababu maji hayakuwa na njia ya kufika huko. Tulipanda kuhakikisha kwamba valvu inafunga kweli na hakuna maji yanayodondoka kwenye boya, maana valvu nyingi za zamani hufunga kwa mkono tu, ndani zinapitisha.

Ingekuwa kinyume, yaani mita isimame valvu ya tangi inapofungwa, tungeanza na choo. Choo cha kuvuta maji kinaweza kuvuja kimyakimya kwa wiki kadhaa. Njia ya kukikamata ni rahisi: tia bluu ya kufulia kidogo kwenye kisanduku cha maji cha choo, usivute kwa nusu saa, kisha angalia sinki la choo. Ukiona rangi, mpira wa ndani umekwisha. Ni kazi ndogo kwa fundi.

Baada ya hapo fundi alifukua pale mabomba yanapogawanyika, akaweka valvu kwenye tawi la getini, akaifunga. Tukakaa kwenye mita nusu saa. Kinyota kilisimama kabisa. Akafungua valvu, kikaanza tena. Basi uvujaji ulikuwa kwenye kipande cha mita 18 kati ya pale na geti, wala si kwingine.

Kwa nini hatukuona tope?

Wengi hutuuliza: lita 400 kwa siku zinapoteaje bila dimbwi? Jibu liko kwenye udongo wetu. Sehemu kubwa ya Shinyanga ina udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi udongo huo unapasuka nyufa zinazoingia chini sana, na masika unavimba na kujifunga. Kwa bomba lililolazwa ndani yake, huko ni kuvutwa na kusukumwa kila mwaka, na maungio ndiyo yanayoumia kwanza. Wakati wa kiangazi maji yakitoka kwenye ufa wa bomba yanaingia kwenye ufa wa udongo na kwenda zake. Huoni kitu juu. Wanaoishi kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa miinukoni, nao hawaoni tope kwa sababu mchanga unayameza maji hapohapo.

Lakini dalili ndogo huwepo. Kwetu ilikuwepo na tuliipuuza: majani ya kijani kibichi kando ya uzio, wakati ua mzima ulikuwa umekauka. Dalili nyingine ni ardhi inayobonyea, siafu au nyuki wanaokusanyika mahali pamoja wakati wa joto, au koki ya mwisho kutoa maji kwa unyonge kuliko zamani.

Fundi alikuja usiku wa manane, mji ukiwa kimya. Alichomeka kipande cha nondo ardhini kila baada ya hatua mbili juu ya mstari wa bomba, akaweka sikio kwenye ncha ya juu. Maji yanayotoka kwa presha hutoa mlio wa kufoka, na chuma huuleta sikioni. Alionya kwamba mlio husafiri vizuri kwenye bomba la chuma, lakini bomba la plastiki huumeza, hivyo kwa plastiki inabidi ukaribie sana. Nasi watu wa redio, ambao kazi yetu ni sauti, hatukusikia kitu mara ya kwanza. Karibu na geti, pale gurudumu la gari hupita, tulisikia.

Asubuhi tulifukua. Bomba lilikuwa limelazwa chini kidogo tu, halizidi shubiri moja. Gari lililoleta matofali miezi michache nyuma lilipita juu yake, na kona ya plastiki ikapata ufa mwembamba kama uzi. Kilibadilishwa kiungio kimoja, na bomba likafukiwa kwa kina cha goti, juu yake tukatandaza mchanga kabla ya udongo.

Kazi haikuishia hapo. Usiku ule tulisoma tena saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, valvu ya tangi ikiwa imefungwa. Namba haikusogea. Fundi anayeondoka bila usomaji huo wa mwisho amekuachia matumaini tu, kwa maana bomba moja linaweza kuwa na matundu mawili. Bili iliyofuata ilirudi uniti 15.

Hakuna mwingine atakayekutafutia

Kuna jambo la kuelewa katika mfumo mzima. Ripoti za EWURA, mdhibiti wa huduma za maji, zimekuwa zikionyesha kwamba karibu theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za mijini hupotea bila kulipiwa. Hayo ni pamoja na yanayovuja kwenye mabomba makubwa, yanayoibwa na yasiyopimwa sawasawa. Mamlaka zinashinikizwa kupunguza upotevu huo, na kwa mikoa yetu hilo lina uzito wake. Maji ya Shinyanga na Kahama yanatoka Ziwa Victoria, yakisukumwa kwa umeme kutoka Ihelele wilayani Misungwi, kwenye mradi mkubwa uliozinduliwa mwaka 2009. Kabla ya kufika kwenye koki yako yamesafiri mbali na yamegharimu.

Lakini maji yaliyotuvuja sisi hayamo kwenye hesabu hiyo ya upotevu. Yalipita kwenye mita, tukalipia. Kwa mamlaka hayo ni maji yaliyouzwa. Ndiyo maana uvujaji ulio kabla ya mita una watu wanaoutafuta, na ulio baada ya mita hauna anayeutafuta isipokuwa wewe. Kwa utaratibu wa kawaida, bomba kuanzia mita kwenda kwako ni mali yako na mzigo wako.

Kwa hiyo usomaji wako lazima ujibu swali la mpaka: tatizo liko upande gani? Karibu na mita huwa kuna valvu upande wa kwenda nyumbani. Ifunge, kisha angalia kinyota. Kikisimama, uvujaji uko kwako. Kikiendelea, kwanza hakikisha valvu inafunga kweli, kwa kufungua koki ya nyumbani iliyo chini na kuona kama maji yanakatika. Kama yamekatika na kinyota bado kinazunguka, huenda uvujaji upo kwenye kipande kifupi kati ya mita na valvu, au mita yenyewe ina tatizo. Hapo piga simu ofisi ya maji waje waone, na usifukue mwenyewe.

Na kama usiku namba haisogei hata kidogo, lakini bili ni kubwa, acha kutafuta bomba. Linganisha namba iliyo kwenye bili na namba nyeusi za mita leo. Namba ya bili ikiwa kubwa kuliko ya mita, mita haikusomwa sawasawa, na picha yako ni ushahidi. Namba zikiwiana lakini bado una shaka na mita, jaza ndoo yenye alama ya lita mara tano, jumla lita 100, na uone tarakimu nyekundu zimesogea ngapi. Usitumie dumu lililojazwa hadi mdomoni, maana huzidi lita 20. Mita nzima ikosee lita mbili tatu, si zaidi. Ikisema 120, una haki ya kuomba ipimwe. Mita za maji nazo ziko chini ya Wakala wa Vipimo, kama mizani ya dukani.

Malalamiko yaanzie ofisi ya mamlaka yako, SHUWASA kwa Shinyanga au GEUWASA kwa Geita, yakiwa na picha zenye tarehe na saa. Usiporidhika unaweza kwenda EWURA, na lipo baraza la watumiaji, EWURA CCC, linalosaidia wananchi katika hilo. Mtu anayesema "mita yangu inakimbia" husikilizwa kidogo. Mwenye karatasi inayoonyesha lita 160 kwa saa 8, valvu zikiwa zimefungwa, husikilizwa tofauti.

Kwa wapangaji na kwa vijijini

Geita na miji mingine ya machimbo ina nyumba nyingi za kupanga ambako vyumba kumi vinagawana mita moja. Bili ikipanda, huchunguzwa mwenye watoto wengi au mama lishe. Kabla ya kugawana lawama, kubalianeni usiku mmoja: koki zote zifungwe saa 5 usiku, wawili wasome pamoja, na wawili walewale wasome saa 10 alfajiri. Namba ikisogea, deni hilo si la mtoto wa mtu, na ukarabati ni wa kuzungumza na mwenye nyumba.

Vijijini, kwenye vituo vya kuchotea maji vinavyosimamiwa na vyombo vya watumia maji, mhudumu hushukiwa pale fedha zinapopungua kuliko mita. Namba isomwe kituo kinapofungwa jioni na kinapofunguliwa asubuhi, mbele ya mhudumu na mtu wa kamati. Pengo likitokea usiku tu, kila usiku, na kwa kiasi kilekile, mwiteni fundi. Likitokea mchana, wakati madumu yanauzwa, hilo ni jambo la kukaa na daftari.

Tahadhari mbili za mwisho. Kwanza, mita ina kikomo: matone machache sana kwa saa yanaweza kupita bila kuizungusha, hasa mita iliyozeeka. Kinyota kilichosimama kinakuambia hakuna uvujaji mkubwa, hakikuambii hakuna tone. Pili, tundu linalotoa maji nje wakati wa presha linaweza kuvuta maji machafu ndani wakati wa mgao, bomba likiwa tupu. Kama bomba lako linapita karibu na choo cha shimo au mtaro, usisubiri bili ya pili.

Mzee wetu wa getini sasa ndiye anayeisoma mita. Kila Jumapili saa 3 usiku na Jumatatu saa 11 alfajiri huandika namba mbili kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chake, na tarehe pembeni.